Kadi Inapokataa Kuandikwa

Mpiga picha za harusi anachomeka kadi ya SD ya GB 32 kwenye kompyuta, anataka kuongeza folda, na Windows inamjibu: "The disk is write-protected." Wengi hapo hukimbilia kuifomati. Haisaidii, kwa sababu kufomati nako ni kuandika, na kukifaulu picha zote zinapotea kwenye orodha.

Pa kuanzia ni swichi ndogo ya plastiki ubavuni mwa kadi. Ikisukumwa kuelekea upande unaotangulia kuingia kwenye tundu, kadi iko wazi. Ikirudishwa nyuma, imefungwa. Swichi hiyo haikuunganishwa na saketi yoyote ndani ya kadi. Kisoma kadi ndicho kinachoihisi kwa kuigusa na kuamua kama kiruhusu kuandika. Ndiyo maana swichi iliyolegea, au kisoma kadi kilichochakaa, huweza kuifunga kadi nzima isiyo na kasoro. Kadi ndogo ya simu haina swichi. Yenye swichi ni adapta yake, kwa hiyo ibadilishwe adapta kwanza. Flashi nyingi hazina swichi kabisa.

Kisoma kadi cha pili kikitoa jibu lilelile, inafunguliwa cmd kwa ruhusa ya msimamizi:

```
diskpart
list disk
select disk 1
attributes disk
```

Namba 1 ni ya mfano huu tu. Kadi itambuliwe kwa ukubwa: ya GB 32 husomeka kama GB 29, kwani kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1024. Amri ya `clean` isiguswe. Hiyo hufuta mpangilio wote wa diski iliyochaguliwa.

Jibu la `attributes disk` lina mistari miwili inayostahili kusomwa kwa makini. `Read-only : Yes` maana yake Windows yenyewe imeiwekea diski alama ya kusomwa tu, na alama hiyo huondolewa hivi:

```
attributes disk clear readonly
```

Kadi ya mpiga picha ilionyesha jambo jingine: `Current Read-only State : Yes`, lakini `Read-only : No`. Alama ya kufuta haikuwepo. Amri ilitekelezwa na kadi ikabaki vilevile, kwa kuwa kizuizi kilitoka nje ya alama ile. Ilijaribiwa kwenye kompyuta nyingine, maana kompyuta za ofisi huweza kuwekewa sera ya kuzuia kuandika. Ikakataa huko pia.

Kilichobaki ni kidhibiti kilichomo ndani ya kadi. Seli za kumbukumbu zikichoka na za akiba zikiisha, baadhi ya vidhibiti hufunga uandishi ili yaliyomo yaendelee kusomeka. Hakuna amri ya diskpart inayofungua mlango huo. Picha zilinakiliwa zote siku hiyohiyo, na kadi haikurudi tena kwenye kamera.