Swali Linalojibiwa kwa Neno Moja

Anayeomba kazi ya takwimu akiwa Kenyenya mara nyingi hukutana na mwajiri kwanza kupitia faili. Kabla ya usaili anatumiwa data, maagizo ya ukurasa mmoja na makataa, kisha anaachwa nayo nyumbani. Mwajiri aliyeko Nairobi hamwoni akikuna kichwa wala hajui kwamba mvua ya alasiri imeondoka na stima. Anachokiona ni barua pepe mbili tatu zinazokuja katikati, ya kuuliza na pengine ya kuomba muda, na hizo huzipima kabla hajaifungua kazi yenyewe. Nimesoma nyingi za aina hiyo, nyingine nikiombwa na vijana wa hapa nizipitie kabla hazijatumwa, nyingine nikiwa upande wa kuzipokea. Nzuri na mbaya hutengana mapema, kwa kawaida kwenye sentensi ya pili.

Tuchukue zoezi la mfano, la aina inayotolewa mara kwa mara kwa sababu maeneo yetu yanalima chai. Faili ina mistari 2,140 ya majani mabichi yaliyopimwa vituoni mwezi Aprili 2024: nambari ya mkulima, tarehe, kituo na kilo. Maagizo yanasema, “Toa jumla ya kilo kwa kila mkulima, chora grafu mbili, andika maelezo ya ukurasa mmoja.” Zoezi limetumwa Jumatatu asubuhi na linatakiwa Alhamisi saa 11 jioni.

Mwombaji akifungua faili kwenye Excel anakutana na kioja. Data ni ya Aprili pekee, lakini anaona majani yaliyopimwa tarehe 4 Januari, 4 Februari, 4 Machi, hadi 4 Desemba. Tena baadhi ya tarehe zimejipanga kulia mwa kisanduku na nyingine kushoto. Hapo wengi hukimbilia kuandika: “Samahani, tarehe zenu zina makosa, naomba mnitumie faili nyingine.” Hilo ni swali baya, hata likiandikwa kwa adabu kiasi gani, kwa sababu faili imeshalijibu. Laptopu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma mwezi kwanza. Tarehe 3 Aprili iliyoandikwa 03/04/2024 inageuka kuwa 4 Machi. Tarehe 25 Aprili haiwezi kugeuzwa, maana hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inabaki kama maandishi tu na kukaa kushoto. Siku 12 za kwanza za mwezi zimetawanywa mwaka mzima, zilizobaki zimekwama. Anayejua hili anarudisha tarehe mahali pake, anaandika mstari mmoja katika maelezo yake kuhusu alichofanya, na hamwandikii mtu yeyote. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachotumia: je, mwulizaji ameibana faili mpaka ikanyamaza kabla ya kumgeukia binadamu?

Sasa swali la kweli linajitokeza. Akiweka nambari ya mkulima kwenye safu ya A, tarehe B, kituo C na kilo D, anaweza kuhesabu mistari inayofanana kwa fomula hii:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,C:C,C2)
```

Palipo na 2, mkulima mmoja ameandikwa mara mbili kwenye kituo kimoja siku ileile. Tuseme zimepatikana jozi 36. Akiongeza safu ya kilo kwenye fomula anaona kwamba jozi 21 zina uzito uleule kabisa na 15 zina uzito tofauti. Je, karani ameandika mara mbili, au mkulima alileta kikapu asubuhi na kingine alasiri? Mtu aliyekulia kwenye chai anajua yote mawili hutokea. Risiti ingeamua, lakini nambari za risiti hazimo kwenye faili. Hapa faili imenyamaza kweli, na jibu linabadilisha kilo za mkulima. Kuuliza kunastahili.

Mmoja ataandika: “Nimeona data iliyojirudia. Naomba mnifafanulie la kufanya.” Ni barua fupi na ya heshima, na ni mzigo kwa anayeipokea. Ili kuijibu itambidi aifungue faili, atafute marudio yako wapi, afikirie aina zake, kisha atunge kanuni. Kwa maneno mengine, afanye sehemu ngumu ya zoezi alilompa mwingine. Nimeona barua za namna hiyo zikikaa siku mbili bila jibu, na mwombaji akiamini amedharauliwa.

Mwingine ataandika hivi. (Barua hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, naziweka kwa Kiswahili.)

“Habari za asubuhi, Bi. Katika faili ya majani chai kuna jozi 36 za mistari yenye mkulima mmoja, kituo kimoja na tarehe moja. Jozi 21 zina uzito uleule, 15 zina uzito tofauti. Hakuna nambari za risiti za kuonyesha kama ni marudio au ni mizigo miwili. Kwa kuwa uzito umeandikwa hadi nukta moja, nachukulia zile 21 kuwa marudio na 15 kuwa mizigo miwili. Jumla inakuwa kilo 31,173 badala ya 31,460. Nisiposikia kutoka kwako kufikia kesho mchana nitaendelea hivyo. Je, ni sawa?”

Hiyo inajibiwa kwa neno “Sawa”, kutoka kwenye simu, ndani ya matatu. Na hata isipojibiwa, kazi haisimami. Lakini kilichonifurahisha zaidi humo ni ile nukta moja. Mizigo miwili ya mkulima mmoja kuwa na kilo 13.6 sawasawa ni jambo la nadra. Kama uzito ungeandikwa kwa kilo kamili, 14 na 14 ingekuwa kawaida tu, na dhana ile ingeanguka. Mwandishi ameonyesha dhana yake inasimama juu ya nini, kwa hiyo msomaji anaweza kuiangusha akitaka. Tofauti ya kilo 287 nayo imewekwa wazi. Ni chini ya asilimia moja ya jumla yote, lakini kwa wakulima wanaohusika ni nusu ya majani yao ya siku hiyo, na mwajiri makini ataligundua hilo mwenyewe.

Kuhusu idadi ya maswali sina kanuni ngumu. Moja au mawili katika barua moja, ndani ya siku ya kwanza, yanatosha kwa zoezi la siku nne. Saba yaliyopangwa kwa nambari yananiambia kwamba mwandishi hajatofautisha linalobadilisha jibu na linalomtia wasiwasi tu. Swali kama “Mngependa grafu za aina gani?” huwa naliweka kando bila huruma, kwa sababu kuchagua grafu ndicho kitu kilichokuwa kikipimwa. Kuna moja tu la jumla ambalo naliheshimu siku zote: “Mnatarajia kazi hii ichukue saa ngapi?” Zoezi lisilolipwa linaloonekana la saa nne na linalogeuka kuwa la siku nne linahitaji kuulizwa hivyo, na jibu la mwajiri humweleza mwombaji mengi kuhusu ofisi anayoiendea.

Barua ya kuomba muda ina vipimo vyake, na hapo wengi huharibu kwa kueleza sana. Aya tatu za ugonjwa, matanga na mtandao mbovu hazimpi msomaji kitu cha kuamua. Sababu inatosha sentensi moja yenye siku ndani yake: “Mazishi ya baba mdogo ni Ijumaa, sitakuwa na mtandao kuanzia Alhamisi mchana.” Picha za hospitali na barua za chifu zisiambatishwe hadi ziombwe. Anayezituma mapema anaonekana kama mtu aliyezoea kutoaminiwa, na sijawahi kuona zikimsaidia.

Kinachonifanya niitambue barua nzuri ni saa inayoombwa. Makataa yakiwa Alhamisi saa 11 jioni, msahihishaji hafungui faili usiku huo. Anazifungua Ijumaa asubuhi. Kwa hiyo kuomba hadi Ijumaa saa 2 asubuhi kunampa mwombaji usiku mzima bila kumgharimu mwajiri chochote, ilhali kuomba “siku moja zaidi” kunafika Ijumaa jioni na kusukuma usomaji hadi Jumatatu. Na anayeomba hadi Jumamosi aombe tu hadi Jumatatu asubuhi, kwa kuwa hakuna atakayesoma katikati. “Muda kidogo” nayo haina maana yoyote; inamlazimu msomaji aulize, na barua imekuwa mbili.

Barua ya Jumatano asubuhi ingekuwa hivi:

“Stima ilipotea Kenyenya jana jioni na haijarudi. Mchana huu ninahamia Ogembo kumalizia huko. Usafishaji wa data na jumla za wakulima ziko tayari, nimeziambatisha. Zimebaki grafu na maelezo. Naomba niwasilishe Ijumaa saa 2 asubuhi. Kama ratiba hairuhusu, mtapata kazi Alhamisi saa 11 jioni ikiwa na jumla na maelezo mafupi, bila grafu ya pili.”

Msomaji wa Nairobi angejiuliza kwa nini asitafute stima kwingine, na sentensi ya Ogembo imemjibu kabla. Kiambatisho kinathibitisha kwamba kazi ilianza mapema wala haikuahirishwa hadi dakika za mwisho. Sentensi ya mwisho inamruhusu akatae bila kumpoteza mwombaji, na ajabu ni kwamba anayeruhusiwa kukataa hivyo hukubali kwa urahisi zaidi.

Barua hiyohiyo ikitumwa Alhamisi saa 10 na nusu jioni thamani yake inashuka, hata kama kila neno ni la kweli. Stima ikipotea kweli saa hiyo, mpangilio unageuka: kwanza tuma ulichonacho, kwa simu ikibidi, kisha omba nafasi ya kutuma toleo kamili asubuhi. Ombi tupu dakika za mwisho linasomeka kama mtu ambaye hana kitu mkononi.

Kuna mahali ambapo haya yote hayafanyi kazi. Ajira za serikali, za kaunti na za taifa, zina tarehe za kufunga ambazo karani hana mamlaka ya kuzisogeza, na kumwandikia ni kumsumbua. Waajiri wengine huandika kwenye maagizo kwamba maswali hayatajibiwa. Hapo sentensi za dhana zinahamia juu ya ukurasa wa maelezo, zikiwa na idadi zilezile na tofauti ileile ya kilo. Na wengine hunyamaza tu. Kwa swali lililotaja litakalofanyika, kimya kinatosha kuendelea. Kwa ombi la muda hakitoshi kamwe: kama hakuna jibu lililofika, makataa bado ni Alhamisi saa 11 jioni, na kilichopo kinatumwa saa 10 na dakika 45, bila grafu ya pili.