Barua ya kuomba siku zaidi: namna ya kuipima

Msomaji mzoefu wa barua za namna hii hutazama kwanza wakati ilipotumwa, kisha maneno. Mfasiri wa Bujumbura anayeandika siku nne za kazi kabla ya tarehe ya kukabidhi amemwachia mteja nafasi ya kupanga upya mambo yake. Anayeandika usiku wa siku yenyewe anatoa taarifa tu, hata kama amejaza ukurasa kwa maneno ya kuomba.

Barua moja, iliyotungwa kwa kalenda halisi ya Oktoba 2025, inatosha kuonyesha mengine. Tuseme mfasiri wa kujitegemea anayeishi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake, anafasiri mwongozo wa afya kutoka Kifaransa kwa ajili ya ofisi ya Nairobi. Kazi ni maneno 12,000. Anatakiwa kuikabidhi Jumatano tarehe 15, kisha Ijumaa tarehe 17 azungumze na mhariri kwa simu ili wapitie kazi pamoja. Umeme umemkatikia mara nyingi na anaona hatawahi. Alhamisi tarehe 9 asubuhi anaandika hivi:

Kichwa: Ombi: kukabidhi 20/10 badala ya 15/10, simu 23/10

Salamu Bwana Mhariri,

Naomba kukabidhi mwongozo Jumatatu tarehe 20 Oktoba, saa 18:00 ya Bujumbura, badala ya Jumatano tarehe 15. Umeme umekatika mara nyingi wiki hii na nimepoteza siku za kazi.

Maneno 7,200 yamekamilika na nimeyaambatanisha ili uanze kuyasoma. Yamebaki 4,800, ambayo nitayamaliza tarehe 15 jioni kwa kasi ya maneno 1,200 kwa siku. Tarehe 16 na 17 nitahakiki.

Kwa simu yetu napendekeza Alhamisi tarehe 23, saa 10:00 ya Bujumbura (11:00 ya Nairobi), au Ijumaa tarehe 24, saa 14:00 ya Bujumbura (15:00 ya Nairobi).

Ikiwa tarehe 20 haiwezekani, nitatuma kazi yote tarehe 15 jioni bila uhakiki, na nakala safi tarehe 20. Tafadhali nijibu kabla ya Jumanne tarehe 14 mchana. Hadi nipate jibu lako, tarehe 15 inabaki palepale.

Hiyo ni barua bora, na ubora wake unaweza kupigiwa hesabu. Mfasiri huyu humaliza maneno 1,200 kwa siku, kwa hiyo 4,800 ni kazi ya siku nne. Siku zake ni Alhamisi ya 9, Ijumaa ya 10, Jumanne ya 14 na Jumatano ya 15. Jumatatu ya 13 hakuihesabu, kwa sababu Burundi humkumbuka siku hiyo Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mwaka 1961. Jumamosi asubuhi huwa na kazi za jamii, na mwisho wa wiki kwa jumla ameuacha nje. Mhariri akitaka kuhakiki ahadi hii, anahitaji kalenda na kugawanya 4,800 kwa 1,200. Barua isiyotoa idadi ya kilichokamilika na kilichobaki haimpi mhariri njia yoyote ya kujua kama tarehe mpya itashika.

Tarehe 20 yenyewe imechaguliwa kwa busara. Uhakiki unaisha Ijumaa ya 17, na mfasiri angeweza kuahidi jioni hiyo. Lakini Jumatatu ya 20 ni Sikukuu ya Mashujaa nchini Kenya, ofisi ya Nairobi imefungwa, na hakuna atakayefungua faili kabla ya Jumanne. Mfasiri amejipatia siku ya akiba ambayo haimgharimu mteja chochote. Umeme ukikatika tena, ahadi haivunjiki. Hapa ndipo fundi anapotambulika: anaomba siku ambazo hazina thamani kwa mwenzake, badala ya siku anazozihitaji mwenzake.

Kalenda hiyohiyo ndiyo iliyoamua siku ya kutuma. Ijumaa ya 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira nchini Kenya, nayo ni sikukuu. Ombi lililotumwa Ijumaa lingesomwa Jumatatu, siku ambayo mfasiri mwenyewe yuko mapumziko.

Baada ya tarehe ya kazi, mpimaji huangalia simu. Wengi huomba siku za kazi na kuisahau, na mhariri hujikuta na mazungumzo ya tarehe 17 kuhusu andiko ambalo halijamfikia. Wengine huisogeza kwa idadi ileile ya siku bila kutazama kinachoangukia hapo. Siku tano kutoka Ijumaa ya 17 zinaangukia Jumatano ya 22. Mhariri angebaki na Jumanne ya 21 peke yake kusoma maneno 12,000, na swali lolote ambalo angeuliza siku hiyo lingekosa jibu, kwa kuwa Burundi inamkumbuka Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Alhamisi ya 23 inampa mhariri siku mbili kamili za kusoma, na mfasiri anakuwa kazini siku ya pili. Kipimo ni nafasi kati ya kupokea kazi na kuizungumzia: haifai ipungue kwa sababu ya kuchelewa kwa mfasiri.

Saa nazo zina mitego yake. Bujumbura iko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja, ingawa ni sawa na Kigali, Goma na Bukavu. Barua inayosema “saa nne asubuhi” bila kutaja mji ina maana mbili. Ndiyo maana barua yetu imetaja saa za miji yote miwili, tena kwa mtindo wa 10:00. Mwaliko wa kalenda unapotumwa, eneo la saa liwe `Africa/Bujumbura` au `Africa/Nairobi`, kisha programu itafanya hesabu yenyewe. Mteja akiwa Brussels, uangalifu huongezeka: majira ya joto Brussels na Bujumbura huwa na saa zilezile, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Ulaya hurudishwa nyuma. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa tarehe 26. Simu iliyosogezwa kutoka wiki moja kwenda nyingine ingeweza kuvuka mpaka huo, na mmoja akamngoja mwenzake kwa saa nzima.

Sababu ya kuchelewa imepewa sentensi moja, na hiyo inatosha. Aya tatu za majuto humlazimisha mhariri kuanza kumfariji mfasiri kabla hajafikia tarehe, na mara nyingi huficha kwamba tarehe haipo. Alama za barua dhaifu ni maneno kama “wiki ijayo”, “mapema iwezekanavyo” na “unipangie siku inayokufaa”. Hilo la mwisho huonekana kama adabu, kumbe linamrudishia mteja kazi ya kupanga.

Aya ya mwisho ya barua ndiyo inayotenganisha barua nzuri na iliyo bora kabisa. Ombi si makubaliano: tarehe iliyo kwenye mkataba inabaki mpaka mteja akubali, tena kwa maandishi. Mfasiri aliyelitamka hilo, akaambatanisha maneno 7,200 na kueleza atakachofanya akikataliwa, amemwachia mhariri uamuzi unaoweza kutolewa kwa mstari mmoja. Barua yoyote inayomlazimisha mhariri kuuliza “umefika wapi?” au “saa za wapi?” irudishwe kwenye rasimu kabla ya kutumwa.