Kapera, Sayari Iliyopotea na Utando wa Quine

Kuna aina ya mabishano ambayo huishia kwenye kamusi. Mtu anasema, "Mwanaume wa kweli halii." Unamtajia mwanaume aliyelia mazishini mbele ya watu wote. Anakujibu bila hata kupepesa macho: basi huyo si mwanaume wa kweli. Angalia kilichofanyika hapo. Sentensi ilianza kama habari kuhusu wanaume, kitu ambacho tungeweza kwenda kukiangalia. Ilipobanwa, ikageuka kuwa maana ya neno. Na maana ya neno, ati, haibishaniwi.

Mchezo huu unafanya kazi kwa sababu wengi wetu tunaamini kuna aina mbili za ukweli. Aina ya kwanza ni ile unayoijua kwa kuelewa maneno tu: kapera ni mwanamume asiye na mke. Huhitaji kutoka nje ya nyumba kuthibitisha hilo. Wanafalsafa huziita kauli changanuzi. Aina ya pili ni ile inayotegemea dunia ilivyo: makapera wengi wa mtaa huu hula kibandani. Hapo lazima uende ukaangalie. Hizo huitwa kauli unganishi.

Mwaka 1951 Mmarekani aitwaye Willard Van Orman Quine (tamka Kwain) alichapisha insha isiyofika kurasa 30 iliyosema mpaka huu haupo. Kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa kama "Imani Mbili Sugu za Falsafa ya Uzoefu". Ni insha inayosifiwa sana, lakini naona wasomaji wengi husifu nusu isiyofaa. Nusu ya kwanza ni ya ujanja. Nusu ya pili ndiyo inayobadilisha jinsi unavyobishana.

Tuanze na ujanja. Quine anauliza: ni nini hasa kinachofanya kauli ya kapera iwe kweli kwa maana tu? Utajibu kwamba "kapera" na "mwanamume asiye na mke" ni visawe. Sawa, visawe ni nini? Utasema ni maneno unayoweza kubadilishana bila ukweli kuharibika. Lakini "kapera" lina herufi sita. Jaribu kubadilisha hapo uone. Ukikimbilia kusema hesabu ya herufi haihesabiki, bado kuna shida. Tuchukulie kwamba kila mnyama mwenye moyo ana figo pia, kwa hiyo katika sentensi za kawaida maneno hayo mawili yanabadilishana vizuri kabisa, ilhali hayana maana moja. Basi unaongeza sharti: lazima yabadilishane hata kwenye sentensi zinazosema "ni lazima iwe hivyo". Na hiyo "lazima" inatoka wapi? Inatoka kwenye ukweli wa maana tu, kitu kile kile tulichokuwa tunajaribu kukieleza. Umezunguka mtaa mzima na kurudi kwenye geti ulilotokea.

Ni hoja tamu, lakini haithibitishi kikubwa hivyo. Mwaka 1956 Waingereza wawili, Grice na Strawson, walimjibu kwa mfano mmoja rahisi. Mtu akikuambia mtoto wake wa miaka mitatu anaelewa nadharia ngumu ya hisabati, hutamwamini. Akikuambia mtoto wake wa miaka mitatu ni mtu mzima, shida si kumwamini. Humwelewi anasema nini. Tofauti hiyo tunaihisi sote bila kufundishwa. Kwamba hatuwezi kuieleza bila kutumia maneno ya ukoo ule ule hakumaanishi kwamba haipo. Rangi nyekundu pia ingetutoa jasho tukiambiwa tuieleze bila kutaja rangi.

Sasa nusu ya pili. Hapa Quine anaacha kucheza na visawe na kuuliza jinsi imani zinavyokutana na dunia. Picha tuliyozoea ni ya mtihani: kila imani inaingia chumbani peke yake, inapewa swali, inapita au inafeli. Quine anasema hakuna imani inayofanya mtihani peke yake. Imani zetu ni kama utando wa buibui. Kingo zake ndizo zinazogusana na tunachoona na kusikia, na katikati kuna mambo kama hesabu na mantiki. Kitu kikigusa ukingo, utando wote hutikisika, na ni sisi tunaochagua uzi gani tulegeze. Pierre Duhem, Mfaransa, alikuwa amesema kitu cha karibu na hiki mwaka 1906 kuhusu fizikia. Quine alikipeleka mpaka katikati ya utando.

Insha yenyewe haina mfano mmoja uliofuatwa mpaka mwisho, na huo ni udhaifu wake. Kwa hiyo hebu tuipe mmoja kutoka angani.

Miaka ya 1840 sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia ambayo sheria ya mvutano ya Newton ilisema ifuate. Kwa picha ya mtihani, Newton amefeli. Lakini Urbain Le Verrier kule Paris hakugusa uzi wa Newton. Alilegeza mwingine, ile imani kwamba tayari tunazijua sayari zote. Akapiga hesabu ya mahali ambapo sayari isiyoonekana ingepaswa kuwa ili kuivuta Uranus hivyo, na akaandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle alielekeza darubini na kuikuta, ndani ya digrii moja ya pale alipoambiwa. Ndiyo hiyo Neptune.

Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo alikutana na shida inayofanana kwa sayari ya Zebaki, iliyo karibu zaidi na jua. Njia yake ilikuwa inajizungusha haraka kidogo kuliko hesabu ilivyoruhusu. Kidogo kweli: vipimo vilivyofuata viliweka ziada hiyo kwenye sekunde 43 za pembe kwa karne, na sekunde moja ya pembe ni digrii moja ikigawanywa mara 3,600. Kwa mwendo huo ungehitaji zaidi ya miaka 4,000 kumaliza upana wa mwezi unavyoonekana angani.

Le Verrier alifanya kilichomfaa mara ya kwanza. Alisema kuna sayari nyingine, ndani zaidi, karibu na jua. Daktari mmoja wa kijijini Ufaransa, Lescarbault, alidai ameona doa jeusi likipita mbele ya jua, na sayari ikapewa jina: Vulcan. Watu waliitafuta kwa miaka mingi. Wengine waliiona, kisha ikakataa kuonekana tena. Le Verrier alikufa mwaka 1877 akiwa bado anaiamini. Mwaka 1894 Asaph Hall alijaribu uzi mwingine. Sheria ya Newton inasema mvutano hupungua kwa umbali uliopigwa kipeo cha 2, naye akapendekeza labda si 2 kamili, ni 2.00000016. Kwa Zebaki hesabu ilikubali. Kwa mwezi wetu ikakataa.

Novemba 1915 Albert Einstein alipata zile sekunde 43 bila sayari mpya na bila kuchezea kipeo. Uzi alioulegeza ulikuwa karibu na katikati kabisa. Katika nadharia yake, karibu na jua nafasi yenyewe imepinda, na pembe za pembetatu hapo si lazima zijumlishe digrii 180 kamili.

Hiyo digrii 180 ulifundishwa shuleni kama kitu kisichobishaniwa, na kwa zaidi ya miaka 2,000 karibu kila msomi aliifundishwa hivyo hivyo. Ukweli uliodhaniwa hauhitaji kuchungulia dirishani uliguswa na sayari iliyochelewa kufuata ratiba. Hapo ndipo mpaka wa aina mbili za ukweli unapopasuka, na mbele ya pengo hilo hoja ya visawe ni kitu kidogo.

Rudolf Carnap, ambaye Quine alisafiri hadi Prague mwaka 1933 kujifunza kwake, angekuwa na jibu. Angesema jiometri ya zamani bado ni kweli kwa maana ya maneno yake. Tulichobadilisha ni lugha tunayotumia kuieleza anga. Ni jibu zuri, lakini tazama lilivyochelewa. Mwaka 1894 hakuna mtu angeweza kukuonyesha kwa kidole ni uzi gani ni maana na upi ni habari. Mstari unachorwa baada ya mechi kuisha.

Rudi kwa kapera uone jambo hilo karibu na nyumbani. Mwanaume ameishi na mwanamke miaka minane, wana watoto wawili, mahari haijapelekwa, hakuna cheti. Ni kapera? Mama yake atasema ndiyo, majirani watasema hapana. Mahakama za Kenya zina kanuni ya kudhania ndoa pale watu wameishi hivyo kwa muda mrefu, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema itumike kwa nadra. Je, maana ya neno ilibadilika, au tulijua jambo jipya kuhusu watu hao? Naona hakuna jibu moja, na hilo ndilo Quine alitaka tuone.

Lakini alipitiliza mahali pamoja. Aliandika kana kwamba ni sayansi yote inayosimama mbele ya uzoefu kila mara. Zebaki ilipopotoka, hakuna aliyekwenda kukagua tunachojua kuhusu malaria. Kilichotikisika ni kipande cha utando, kikubwa lakini kipande. Quine mwenyewe baadaye alipunguza dai hilo. Pia alisema tunaweza kushikilia imani yoyote liwalo liwe, mradi turekebishe kwingine, halafu akaeleza kidogo mno kuhusu gharama. Vulcan ndiyo inayoonyesha gharama: kila mwaka ilihitaji kisingizio kipya cha kwa nini haionekani, na kisingizio hicho hakikusaidia kutabiri kitu kingine chochote. Neptune ilishikiliwa mara moja, na ikaonekana.

Kwa hiyo yule wa "mwanaume wa kweli halii" anaruhusiwa na Quine kushikilia sentensi yake. Hakatazwi, lakini asidai kwamba ni kamusi inayomlinda. Ni yeye aliyechagua uzi wa kukaza, na amewatoa wanaume wengi halisi nje ya neno "mwanaume" ili sentensi moja ibaki salama. Usimuulize tena maana ya neno. Muulize ni wangapi atakaowatoa kabla hajaanza kuitilia shaka sentensi yenyewe.