Pilau Imehamia Wapi

Blogger ikikutana na kichwa kirefu hukikata. Mama mmoja wa Tanga, ambaye blogu yake ya mapishi nilipewa kuihamisha, aliandika Agosti 2012 posti yenye kichwa "Jinsi ya kupika pilau ya nyama ya ng'ombe", na anwani yake ikaishia njiani: `/2012/08/jinsi-ya-kupika-pilau-ya-nyama-ya.html`. Nyama ya nini, haisemi. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi anwani hiyo iliyokatika pumzi ndiyo iliyojitokeza juu mtu akitafuta pilau kwa Kiswahili, na ndiyo iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nafasi ile haikuwa ya pilau wala ya Mama. Ilikuwa ya anwani. Ukiibadilisha bila kuaga, Google huiona anwani mpya kama mgeni aliyeshuka stendi leo, na ya zamani huiona kama maiti.

Kazi ya kuaga ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Vifaa vyake ni vichache: lahajedwali yenye safu mbili, kushoto anwani ya zamani na kulia ile mpya, kisha seva inayoambiwa iwajibu wageni wa kushoto kwa namba 301, maana yake "amehama moja kwa moja, mfuate kule". Kuna pia 302, inayosema "ametoka kidogo". Tangu 2016 Google wenyewe wamesema uelekezaji wa aina hizi haupunguzi tena uzito wa ukurasa unapopita. Kwa hiyo nafasi ikipotea katika kuhama, kwa kawaida chanzo si 301 yenyewe. Chanzo ni ramani.

Na ramani bora ni ile usiyolazimika kuichora. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti, aliandika mwaka 1998 insha fupi akiwabana wenye tovuti kwamba sababu wanazozitoa za kubadilisha anwani karibu zote hazina msingi. Nilimweleza Mama hivyo. WordPress, tulikokuwa tukihamia, inaweza kuigiza muundo wa Blogger kwa mpangilio mmoja, `/%year%/%monthnum%/%postname%.html`, majina ya posti yakiachwa kama yalivyokatwa, na tungebaki na kazi ya kuhamisha domeni tu. Akakataa. Jina la zamani lilikuwa la duka alilokwisha kulifunga, hilo nililielewa, ila na miaka kwenye anwani hakuitaka. "Mwanangu, mtu akiona 2012 atadhani chakula kimechacha." Hapo nilishindwa, na sijutii sana, maana bila ubishi wake nisingezisoma posti zake zote 412 moja moja.

Ilibidi kuzisoma. Ungedhani kanuni moja ingetosha: ondoa mwaka, ondoa mwezi, ondoa `.html`, basi. Lakini WordPress hukitumia kichwa kizima ilhali Blogger hukikata, na posti mbili za mwezi mmoja zikifanana jina, Blogger huiongezea ya pili mstari wa chini na namba. Juu ya hapo Mama alikuwa na tabia ya kubadili vichwa baada ya kuchapisha, na anwani ya Blogger haifuati kichwa kipya. Ilikuwapo posti ya bokoboko ambayo anwani yake ilikuwa bado inasema kalimati. Safu ya kulia, kwa hiyo, haikuweza kuzalishwa na mashine. Ya kushoto nayo haikutoka sehemu moja. Nilianza na ramani ya tovuti ambayo Blogger huitoa yenyewe, nikaongeza kurasa zilizopata wageni kutoka Search Console (inakupa mistari 1,000 tu ukipakua), nikaongeza zile zilizounganishwa na tovuti nyingine. Lebo, zile `/search/label/Futari`, nilizielekeza kwenye makundi mapya kwa jioni moja. Blogger kwa kawaida huizuia Google isizitambae, hivyo hazikuwa na nafasi ya kulinda, ila watu walikuwa wamezihifadhi kwenye simu.

Niseme kuhusu mstari mmoja ulionichukua nusu siku. Mwaka 2013 Mama aliweka picha ya tambi na maneno mawili matatu, "Tambi zetu za leo", basi. Mapishi yenyewe yalikuwa kwenye maoni, wasomaji wakiulizana sukari itiwe lini. Mama alitaka aifute posti hiyo na kuielekeza kwenye posti yake nzuri ya tambi za nazi. Tambi ni tambi, alisema. Nikafungua Search Console, nikachuja ukurasa ule mmoja na kusoma maneno yaliyowaleta watu: karibu wote walikuwa wakitafuta tambi za kukaanga, zile kavu zinazotiwa sukari na zabibu. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye tui la nazi atarudi nyuma alikotoka, na Google nayo inaweza kuamua kwamba kurasa hizo mbili hazihusiani, iuchukulie uelekezaji wako kama ukurasa usiokuwapo. Ndilo linalowapata wanaoelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo kwa mstari mmoja na kwenda kulala. Nikamwambia, Mama, hii haifutwi, inaandikwa upya. Akaiandika, vipimo vyote, na mstari wa kushoto ukapata mwenzake wa haki. Tangazo la mnada wa vyombo wa 2014, kwa upande mwingine, halikuwa na mwenzake popote, nikalipa 410: limeondoka, msilisubiri.

Halafu nikaharibu.

Nilikuwa nimetumia amri ya Apache iitwayo `Redirect`, mstari mmoja kwa kila anwani, na kabla ya kuipakia orodha nikaipanga kwa alfabeti ili ipendeze. Kurasa za kumbukumbu za mwezi, kama `/2012/08/`, zikapanda juu ya posti za mwezi huo, kwa kuwa ni fupi zaidi:

```
Redirect 301 /2012/08/ https://mpya.example/kumbukumbu/
Redirect 301 /2012/08/jinsi-ya-kupika-pilau-ya-nyama-ya.html https://mpya.example/pilau-ya-nyama-ya-ngombe/
```

Amri hii hailinganishi anwani nzima. Hulinganisha mwanzo wake, hushika mstari wa kwanza unaofaa, na kile kilichobaki hukibandika mwishoni mwa anwani mpya. Aliyeitafuta pilau akanaswa na mstari wa juu, akapelekwa `/kumbukumbu/jinsi-ya-kupika-pilau-ya-nyama-ya.html`, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mstari wa pili haukufikiwa kamwe. Mimi nilikuwa nimepima anwani zote 412 kwa kuangalia jibu la kwanza tu, na jibu la kwanza lilikuwa 301 kila mahali. Nikalala vizuri. Asubuhi Mama akapiga simu kwamba kwenye grupu la harusi wanamuuliza pilau imehamia wapi.

Kipimo kilichotakiwa ni hiki, kinachofuata safari hadi mwisho:

```
curl -sIL "https://zamani.example/2012/08/jinsi-ya-kupika-pilau-ya-nyama-ya.html?m=1" | grep -iE "^(HTTP|location)"
```

Unataka kuona 301 moja, anwani uliyoiandika wewe kwenye safu ya kulia, kisha 200. Ukiona 301 mbili au tatu zimefuatana, kuna mnyororo: labda seva inampeleka mgeni kwanza kwenye `https`, kisha kwenye `www`, ndipo domeni mpya. Roboti la Google huvumilia hatua hadi kumi, lakini mtu mwenye simu ya bando dogo anazilipia zote. Ukiona 404 mwishoni, umefanya kama mimi.

Ile `?m=1` si mapambo. Blogger huibandika mtu akifungua kwa simu, na kwa kuwa wasomaji wa Mama karibu wote ni wa simu, viungo vilivyonakiliwa kwenye magrupu vilikuwa nayo. Bila kuambiwa vingine, Apache huibeba mpaka anwani mpya, ukaishia na pilau mbili, moja safi na moja yenye mkia. Kwa hiyo niliiandika upya orodha nzima kwa amri nyingine, inayolinganisha anwani kuanzia mwanzo mpaka mwisho wake na kuukata mkia kwa `QSD`:

```
RewriteRule ^2012/08/jinsi-ya-kupika-pilau-ya-nyama-ya\.html$ https://mpya.example/pilau-ya-nyama-ya-ngombe/ [R=301,L,QSD]
```

Nilidhani yamekwisha. Lakini simu yangu mwenyewe iliendelea kwenda kwenye kumbukumbu tupu, kwa sababu kivinjari hulikariri jibu la 301 na mara nyingine hakirudi tena kuuliza. Wote waliobofya usiku ule walikuwa wamebeba kosa langu mfukoni, na kwenye domeni ya zamani sikuwa na namna ya kuwafikia. Ilinibidi niweke mistari mingine upande wa domeni mpya, kutoka kila anwani ya kosa kwenda iliyo sahihi. Mpaka leo ipo. Tangu siku hiyo huanza na 302, hupima, huacha ipite siku moja, ndipo huibadili kuwa 301.

Yaliyobaki hayakuwa na hekaheka. Viungo vya ndani ya posti vilibadilishwa ili visipitie njia ya zamani, na Google wakaarifiwa kwa kifaa chao cha kubadili anwani, ambacho taarifa yake hudumu siku 180. Wiki za kwanza namba ziliyumba, Mama akayumba nazo. Nilikuwa nikitazama kitu kimoja tu: idadi ya kurasa za zamani kwenye faharasa ikishuka wakati ya mpya inapanda. Zikipishana kama watu wawili kwenye ngazi, safari inaendelea. Ya zamani ikishuka na mpya isipande, rudi kwenye lahajedwali.

Mwaka ulipotimia ikaja ankara ya domeni ya zamani. "Nalipia nyumba nisiyokaa?" aliuliza. Google hushauri uelekezaji uachwe angalau mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umeisha, hivyo kwa kitabu angeweza kuiacha. Ila domeni ikiachwa, mwingine huinunua, na viungo vyote vilivyosambaa huko nje humwendea yeye. Kulipia domeni peke yake nako hakutoshi, cheti chake cha usalama lazima kiwe hai, kwa sababu kivinjari hukikagua kwanza kabla hakijaisikia hiyo 301. Cheti kikiisha, mgeni hukutana na onyo jekundu mlangoni na haambiwi kwamba mwenyeji amehama.

Sikumweleza hayo yote. Nilifungua kumbukumbu za seva za asubuhi ile, nikampa simu aangalie. Saa kumi na mbili kasorobo, mtu mmoja, simu ya kawaida, anwani inayoishia na `ya.html?m=1`. Baada yake mwingine. Mama akavaa miwani, akasogeza kidole chini polepole, akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Ijumaa. Akanirudishia simu na kuuliza namba ya kulipia.