Saa Moja ya Artesuneti

Mtoto wa kilo 8 mwenye malaria kali, akilazwa katika wodi yoyote ya Kisangani, anahitaji miligramu 24 za artesuneti, yaani 3 kwa kila kilo. Kichupa cha kawaida kina miligramu 60 za unga. Ukishayeyushwa na kuzimuliwa, mtoto hupata mililita 2.4, na 3.6 hubaki. Masaa 12 baadaye atahitaji dozi ya pili, kisha ya tatu akitimiza saa 24. Kumwaga zaidi ya nusu ya dawa inayonunuliwa kwa taabu kunaonekana kama ufujaji. Hata hivyo maelekezo yanasema dawa iliyoyeyushwa itumike ndani ya saa 1, na mimi nashikilia kuwa amri hiyo ni sahihi, ingawa wengi wanaoitii wanaitii kwa sababu isiyo yake. Wanadhani ni woga wa vijidudu tu, kwa hiyo mikono ikiwa safi na dawa ikiwa angavu wanaona saa hiyo inaweza kurefushwa. Kumbe dawa iliyochanganywa wodini ina saa mbili zinazokwenda kwa pamoja, ya vijidudu na ya kemia, na inayofuatwa ni ile inayokwisha kwanza.

Ya kemia huanza mara tu unga unapolowa. Unga wa artesuneti hauyeyuki vizuri katika maji matupu, ndiyo maana kichupa huja na ampuli ya bikabonati ya sodiamu ya 5%. Mililita 1 ya bikabonati huingizwa, kichupa hutikiswa dakika 2 au 3 mpaka ukungu uishe, na gesi inayotokea hutolewa kwa sindano. Ndipo huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi ya 0.9% au glukosi ya 5%, kila mililita ikawa na miligramu 10. Maji ya sindano hayatumiki hapa. Shida ni kwamba maji yaleyale yanayoibeba dawa ndiyo yanayoivunja, na joto huharakisha kazi hiyo. Kisangani, karibu kabisa na ikweta, joto la mchana hufika nyuzi 30 bila ajabu. Kwinini iliwazoesha wauguzi mwendo mwingine: humiminwa kwenye chupa ya glukosi, ikatundikwa, dozi ya kwanza ikadondoka saa 4 nzima. Artesuneti haitundikwi. Husukumwa polepole kwa bomba, mililita 3 hadi 4 kwa dakika, na kazi imekwisha.

Mfamasia makini atauliza: mwilini artesuneti hugeuka ndani ya dakika chache kuwa dihidroartemisinini, na hiyo ndiyo inayoua vimelea, basi kuna hasara gani ikigeukia kichupani? Swali ni zuri. Lakini dihidroartemisinini haikai vizuri majini. Inaweza kujitenga na kuonekana kama ukungu au chembe, nayo pia huendelea kuharibika. Dawa yenye ukungu hutupwa bila mjadala, ila uangavu si ushahidi wa upande wa pili, kwa kuwa sehemu ya dawa inaweza kuwa imeshapotea na macho yasione kitu. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha vifo vya 8.5% kwa artesuneti dhidi ya 10.9% kwa kwinini. Tofauti hiyo ilipatikana kwa dozi kamili.

Wengine hutaja kanuni za Marekani, ambazo tangu 2023 zinaruhusu dawa iliyoandaliwa kando ya mgonjwa, nje ya chumba safi, ianze kutolewa ndani ya saa 4 badala ya 1 ya zamani. Ni kweli, lakini hiyo ni saa ya vijidudu, na kanuni hizohizo zinataka uthabiti wa dawa yenyewe uzingatiwe. Tena saa 4 hizo zinadai utaratibu: meza iliyopanguswa, mikono iliyooshwa, kizibo cha mpira kilichosuguliwa kwa alkoholi ya 70% na kuachwa kikauke (kusubiri kikauke ndiko kunakoipa alkoholi muda wa kuua, na mara nyingi hurukwa), shina la sindano lisiguswe, sindano isiachwe imechomekwa kwenye kizibo ikisubiri mgonjwa mwingine. Artesuneti iliyoyeyushwa haina kihifadhi, na kichupa ni cha mgonjwa mmoja. Jokofu nalo hupunguza mwendo wa saa zote mbili bila kuzisimamisha, na hakuna maelekezo yanayoiruhusu dawa hii kulazwa humo hadi dozi ya pili.

Hoja ya ufujaji inabaki, na sioni haki ya kumbebesha muuguzi. Jibu lake liko kwenye orodha ya manunuzi. Artesuneti hutengenezwa pia katika vichupa vya miligramu 30, ambavyo huyeyushwa kwa nusu mililita ya bikabonati na 2.5 za maji ya chumvi. Kwa mtoto wetu wa kilo 8, kinachomwagwa hapo ni mililita 0.6.