Ubao Nao Una Uzito: Kusawazisha Bembea ya Watoto Wasiolingana

Maswali mengi ya fizikia ya sekondari kuhusu bembea ya ubao, ile ambayo mtoto mmoja akipanda mwenzake anashuka, huja na sharti moja: chukulia kwamba ubao hauna uzito. Sharti hilo humrahisishia mwanafunzi hesabu. Fundi anayetengeneza bembea yenyewe hana nafasi hiyo, kwa sababu ubao wa mita 4 una uzito wa kukaribia ule wa mtoto wa darasa la kwanza. Wakati mwingine uzito huo haubadilishi chochote, na wakati mwingine unaharibu kazi nzima. Uchambuzi huu unaeleza lini unahesabika, na kwa kiasi gani.

Tuchukue kazi moja. Ubao ni wa msonobari mkavu, urefu mita 4, upana sentimita 20, unene sentimita 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.04. Msonobari uliokauka vizuri una kama kilo 500 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ubao huu ni wa kilo 20 hivi. Watakaoutumia ni ndugu wawili, mkubwa wa kilo 36 na mdogo wa kilo 24. Egemeo ni bomba la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili fupi.

Kanuni inayotawala hapa aliithibitisha Arkimede wa Sirakuse katika karne ya 3 kabla ya Kristo: vitu viwili husawazika juu ya egemeo pale uzito wa kila kimoja, ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, unapotoa jibu lile lile. Zao hilo ndilo tunaloliita momenti. Vitabuni hupimwa kwa nyutoni-mita, lakini kwa kuwa mvutano wa dunia ni ule ule pande zote mbili, tunaweza kuzidisha kilo kwa mita moja kwa moja na usawa ukabaki pale pale.

Tuanze na njia rahisi, bomba likiwa katikati kabisa ya ubao. Mdogo akikaa mita 1.8 kutoka kwenye bomba, momenti yake ni 24 mara 1.8, yaani 43.2. Mkubwa naye anahitaji 43.2. Tukigawa kwa kilo zake 36 tunapata mita 1.2. Basi mkubwa asogee ndani sentimita 60, na bembea itatulia. Uzito wa ubao haukuingia popote katika hesabu hii, wala haukupaswa kuingia. Kitovu chake cha uzito kipo juu ya bomba lenyewe, umbali ni sifuri, na momenti yake ni sifuri. Hata ubao ungekuwa wa kilo 100, watoto wangekaa pale pale. Kinachobadilika ni mzigo wa bomba na nguzo tu, ambao kwa ubao wetu ni kilo 80 na si 60.

Hapo kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuendelea. Katikati ya uzito si lazima pawe katikati ya urefu. Ubao wenye vifundo vingi upande mmoja, au uliolala ncha moja kwenye tope, huwa mzito zaidi upande huo. Njia ya kujua ni kuulaza ubao mtupu juu ya bomba na kuusogeza mpaka usielemee kokote, kisha kuweka alama ya penseli. Vipimo vyote vianzie kwenye alama hiyo, si kwenye nusu ya futi kamba.

Shida ya njia ya kwanza ni kwamba mtoto mkubwa anakaa katikati ya ubao bila kishikio. Bembea salama ina viti na vishikio vilivyofungwa mahali pamoja, karibu na ncha. Tuseme viti vyote viwili vipo mita 1.8 kutoka kwenye alama. Watoto hawawezi tena kusogea, kwa hiyo cha kusogezwa ni egemeo, kuelekea kwa mkubwa.

Anayefuata sharti la vitabuni atapiga hesabu ya watoto wawili tu. Uzito umepishana kwa kilo 12, jumla ni kilo 60, kiti kipo mita 1.8. Zidisha 12 kwa 1.8, gawa kwa 60, unapata mita 0.36. Atasogeza bomba sentimita 36. Mkubwa sasa yupo mita 1.44 kutoka kwenye egemeo na mdogo mita 2.16, na momenti za wote wawili ni 51.84. Kwenye karatasi kazi imekwisha. Watoto wakipanda, mdogo anashuka mpaka chini na mkubwa anabaki juu.

Aliyesahaulika ni ubao. Bomba liliposogea sentimita 36 kuelekea kwa mkubwa, kitovu cha uzito wa ubao kilibaki upande wa mdogo. Ni kana kwamba mtoto wa tatu, wa kilo 20, amekaa upande wa mdogo sentimita 36 kutoka kwenye egemeo. Momenti yake ni 7.2. Kwenye kiti cha mdogo, hiyo ni sawa na kumpakatisha mzigo wa zaidi ya kilo 3. Bembea haiwezi kutulia kwa tofauti kama hiyo.

Hesabu sahihi inamweka mtoto huyo wa tatu mahali pake. Umbali wa kusogeza egemeo ni tofauti ya uzito wa watoto mara umbali wa kiti, gawa kwa jumla ya uzito wote, ubao ukiwemo:

x = 1.8 × (36 − 24) ÷ (36 + 24 + 20) = 0.27

Bomba lisogee sentimita 27, si 36. Tuhakikishe. Mkubwa yupo mita 1.53 kutoka kwenye bomba, na momenti yake ni 55.08. Mdogo yupo mita 2.07, momenti 49.68. Ubao upo mita 0.27 upande wa mdogo, momenti 5.4. Jumlisha za mdogo na za ubao: 55.08. Pande zimelingana.

Kanuni hii inaonyesha pia kwamba ubao ukiwa mzito zaidi, egemeo husogezwa umbali mdogo zaidi. Msonobari uliotoka kupasuliwa, ukiwa bado na maji mengi, unaweza kuwa na uzito wa karibu mara mbili ya ule mkavu. Ubao wetu ukiwa na kilo 40, kusogea kwa egemeo kunapungua hadi sentimita 22 hivi. Kwa hiyo bembea iliyosawazishwa kwa mbao mbichi itapoteza usawa wake baada ya miezi ya jua, ingawa hakuna aliyegusa bomba. Fundi atumie mbao kavu, azipake rangi ncha zote, na apime uzito siku ile ya kufunga.

Apimeje bila mizani kubwa? Bembea yenyewe inatosha. Mpandishe mtoto mmoja ambaye uzito wake unajulikana, tuseme yule wa kilo 24, kwenye kiti chake cha mita 1.8, upande wa pili usiwe na mtu. Sogeza egemeo kuelekea kwake mpaka ubao mtupu wa upande wa pili umsawazishe. Kwa ubao wetu hilo hutokea sentimita 98 kutoka kwenye alama. Mtoto yupo mita 0.82 kutoka kwenye egemeo, kitovu cha ubao kipo mita 0.98. Zidisha 24 kwa 0.82, gawa kwa 0.98, unapata kilo 20. Ukikosea egemeo kwa sentimita 2, jibu linakosea kwa kilo moja hivi, kwa hiyo tumia bomba jembamba. Gogo nene hubiringika chini ya ubao, na huwezi kusema egemeo liko wapi hasa.

Wazazi wengi wataona kwamba hata baada ya hesabu sahihi ubao hautulii ukiwa mlalo. Unakaa kidogo, kisha unaelemea upande mmoja mpaka chini. Hilo si kosa la vipimo. Miili ya watoto ipo juu ya ubao, na kitovu cha uzito wote, watoto pamoja na ubao, kipo sentimita 20 hivi juu ya bomba. Ubao ukiinama nyuzi 10, kitovu hicho kinahama zaidi ya sentimita 3 kuelekea upande unaoshuka, na kuusukuma uendelee kushuka. Mtoto aliye chini anarudi juu kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Namna ya kutofautisha hali hii na kosa la hesabu ni kuachia ubao mara kadhaa ukiwa mlalo, watoto wakiwa wametulia. Ukiangukia upande huu mara hii na upande ule mara nyingine, egemeo lipo mahali pake. Ukiangukia upande mmoja kila mara, kuna momenti iliyosahaulika.

Kwa bembea itakayotumiwa na watoto wengi, ninapendekeza nafasi nne za bomba chini ya ubao: kwenye alama, na sentimita 9, 18 na 27 kutoka hapo. Kwa watoto wawili wenye jumla ya kilo 60 na ubao wa kilo 20, kila hatua ya sentimita 9 inafidia tofauti ya kilo 4. Kinachobaki kati ya hatua mbili hakizidi kilo 2, na mtoto wa kilo 36 akiegemea ndani sentimita 10 ameshakifidia. Nafasi hizo zishikwe na vibano vya chuma vilivyofungwa chini ya ubao, si kwa matundu yanayopita katikati yake, kwa sababu juu ya egemeo ndipo ubao unapojaribiwa zaidi kukunjika.

Nisingevuka sentimita 27. Egemeo likisogea, upande mrefu hupanda zaidi, na upande mrefu ni wa mtoto mdogo. Kwa bomba lililo sentimita 50 kutoka ardhini, ncha yake hupanda hadi mita 1 egemeo likiwa katikati, lakini kwa sentimita 27 inafika mita 1.16. Watoto wanaopishana zaidi ya kilo 12 wasipandishwe peke yao. Rudisha bomba kwenye alama na umtafute wa tatu: kwa ndugu zetu, mwenzao wa kilo 18 akikaa mita 1.2 upande wa mdogo, na awekewe kishikio chake, bembea inasawazika bila kusogeza egemeo hata sentimita moja.