Umesimulia Tu! Maneno mawili ya wino mwekundu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini akiwa na insha yake mkononi. Nilikuwa nimempa alama 9 kwa 20. Pambizoni mwa ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Umesimulia tu!"

"Prof," akaniuliza kwa adabu, "kuna jambo nililosema ambalo halimo kitabuni?"

Halikuwapo. Swali lilimtaka ajadili kauli kwamba Zakaria ndiye chanzo cha kuangamia kwa binti yake katika *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka wa 1971. Kijana alikuwa ameisoma riwaya nzima, tena kwa makini. Alieleza ulevi wa Zakaria, barua ya Charles na kipigo kilichofuata, Deogratias, chuo cha Morogoro, hadi Rosa anapojiua. Yote yalikuwa sahihi. Ndipo nilipotambua kwamba maoni yangu yalikuwa yamemhukumu bila kumwonyesha njia. Kumwambia mtu "umesimulia tu" ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa "unaumwa" kisha akamfungulia mlango atoke.

Nikamwomba aketi. Nikampa kalamu apigie mstari sentensi ya kwanza ya kila aya, kisha azisome hizo pekee kwa sauti. Akasoma: "Siku moja Rosa alipata barua..." "Baadaye Rosa alijiunga na sekondari..." "Kisha alikwenda Morogoro..." Alipofika ya nne akacheka mwenyewe. Kilichokuwa kikiziunganisha aya zake ni kalenda. Aya ya hoja huanza kwa dai ambalo msomaji mwingine anaweza kulipinga. Nani atapinga kwamba Rosa alipata barua?

Lakini ndani ya aya ya pili palikuwa na sentensi moja iliyojificha: "Kutokana na kipigo hicho Rosa aliwaogopa wanaume." Hilo lilikuwa dai, ila alilipita mbio akawahi tukio lililofuata. Kwa hiyo nikayafuta yale maneno mawili, nikaandika upya hivi:

"Sentensi hii ndiyo mbegu ya insha yako. Unasema kipigo kilizaa woga. Mbona basi Rosa yuyo huyo, akiwa chuoni, hajizuii tena kwa wanaume? Sababu moja imezaaje matokeo mawili yanayokinzana? Jibu hilo kwanza. Tukio la barua lieleze kwa sentensi mbili tu, kwani kitabu nimekisoma. Nisichokijua ni unavyokisoma wewe."

Tazama maoni hayo yanafanya nini. Yanataja mahali hasa pa kuanzia, yanauliza swali ambalo muhtasari hauwezi kulijibu, na yanaweka mpaka wa kusimulia. Sikumwambia jibu. Ningemwandikia kwamba fimbo ya baba ilikuwa ndiyo kizuizi pekee alichokuwa nacho Rosa, hivyo ilipokuwa mbali hakuwa na kipimo chake mwenyewe, angeinakili sentensi yangu na tungerudi palepale. Huo ndio mtego wa mwalimu anayependa kusaidia kupita kiasi.

Tusimlaumu sana kijana. Huko shuleni husimulia ili kuthibitisha kwamba amesoma, na mara nyingi hutuzwa. Na si kwamba kusimulia ni haramu. Bila tukio dai halina ushahidi. Tatizo huja tukio linapoachwa lijisemee. Kipigo cha Zakaria hakijisemei. Mmoja atakiona kuwa ukatili, mwingine atasema ni baba aliyechelewa kulea. Mwandishi wa insha ndiye anayepaswa kusimama upande mmoja na kumjibu aliye upande wa pili.

Kezilahabi mwenyewe alilijua hilo. Mwishoni mwa riwaya Rosa na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Maisha ya Rosa yamekwisha kusimuliwa, wala hakuna anayekana kilichotokea. Kinachobishaniwa ni nani wa kulaumiwa na kwa nini. Kijana wangu aliipa sehemu hiyo mstari mmoja, ilhali ndiyo inayofanana zaidi na kazi aliyopewa.

Baada ya majuma mawili aliniletea insha nyingine, kurasa nne badala ya saba. Ilianza kwa kudai kwamba Zakaria ana hatia, ila si kwa sababu ya kipigo. Hatia yake ni kwamba hakuwahi kumpa bintiye nafasi ya kuamua lolote. Mimi sikubaliani naye, kwa maana dai hilo linamwacha Deogratias atoke mikono mitupu. Nilimwandikia hivyo pambizoni. Safari hii tulikuwa na jambo la kubishania.